Kizibao cha Sufu Isiyofumwa

Kitambaa hiki hakina uzi wala mshono. Kila unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo mno, yote yakielekea nchani. Ukiulowesha kwa maji ya moto yenye sabuni na kuusugua, husogea upande wa shina tu, kwa kuwa magamba huuzuia usirudi nyuma. Nywele zikishanaswa hivyo zinavutana, na kitambaa kinasinyaa huku kikiwa kinene. Kondoo aina ya Merino au Corriedale wa nyanda za juu za Kenya wanafaa. Yule mwekundu wa Kimasai ana singa zaidi kuliko sufu.

Kwa kuwa kitambaa kitasinyaa, mshonaji huanza na kipande cha majaribio. Tuseme ametandaza gramu 20 za sufu iliyooshwa na kuchanwa, sentimita 30 kwa 30, kikatoka sentimita 20 kwa 20. Basi kila kipimo cha kizibao atakizidisha kwa moja na nusu. Akihitaji kitambaa cha 110 kwa 60, cha kuzunguka kifua chote, atatandaza 165 kwa 90, na sufu itakuwa gramu 330 hivi. Asiyefanya jaribio hilo anabahatisha, maana kila sufu husinyaa kwa kiasi chake.

Kazi yenyewe hasa imo katika kutandaza. Sufu huvutwa kwa vishungi vyepesi, vikapandana kidogo kama vigae. Tabaka la kwanza hulala kwa urefu, la pili kwa upana, na kuendelea hivyo hadi manne. Matabaka manne membamba ni bora kuliko mawili mazito, kwa sababu kitambaa husinyaa zaidi kule nywele zinakoelekea. Upande mmoja ukizidi, kizibao kitapinda. Kabla ya kumwaga maji, pitisha kiganja juu yake. Panapobonyea pana sufu chache, na hapo ndipo patakaposinyaa mno au kutoboka.

Funika kwa neti, nyunyiza maji, kisha sugua taratibu. Haraka ya mwanzo huleta makunyanzi yasiyotoka tena. Baadaye finya uso wa kitambaa: nywele zikiinuka moja moja, bado, kikiinuka chote, kiviringishe kwenye fimbo na kukisukuma mbele na nyuma. Husinyaa kule unakokiviringishia, kwa hiyo kigeuze na kukipima mara kwa mara. Upana ukifika 110 na urefu bado ni 68, viringisha kwa urefu pekee.

Usisimame mapema. Kitambaa kilicholegea kitaota vinundu makwapani na kuendelea kusinyaa kila kikifuliwa. Kikishafika kipimo, kisuuze, kikaushe kikiwa kimelazwa, ndipo ukate matundu ya mikono na kuunga mabega. Kingo zilizokatwa hazichomoki nyuzi. Zipake sabuni na uzisugue kwa vidole mpaka zifunge.