Simu Inachaji, Kompyuta Haiioni

Saa kumi jioni, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliingia kwenye steshenari jijini Dar es Salaam. Mtihani wa kesho yake ulikuwa ndani ya simu, bando limemwishia. Kijana wa dukani akachomoa waya kwenye chaja iliyokuwa ukutani, akauunganisha kati ya simu na kompyuta. Simu ikaanza kuchaji. Kwenye kompyuta, kimya.

"Mbona inachaji, mwanangu?" mwalimu akauliza.

"Inachaji, Mwalimu, lakini huu waya nadhani unapitisha umeme tu."

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tukiona alama ya betri inawaka, tunaamini waya ni mzima na lawama zote zinaiangukia simu au kompyuta. Kumbe waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani yake. Mbili hupeleka umeme, na mbili ndizo zinazobeba faili. Nyaya nyingi za bei rahisi hutengenezwa na zile mbili za umeme peke yake. Nyingine zilikuwa na nne, ila nyuzi nyembamba za faili zimekatikia shingoni, pale waya unapokunjwa kila siku. Kwa nje zote zinafanana.

Chungulia ndani ya kichwa kile kipana kinachoingia kwenye kompyuta. Waya kamili una vibati vinne vya shaba: viwili vya pembeni, virefu kidogo, ni vya umeme, viwili vya katikati ni vya faili. Ukikuta vya katikati havipo, usihangaike zaidi, huo ni waya wa kuchajia. Lakini kuviona vyote vinne si uthibitisho, maana huenda nyuma yake hakuna uzi uliounganishwa.

Kwa simu za Android kuna dalili nzuri zaidi. Fungua simu kwa namba yako ya siri, kisha vuta pazia la arifa kutoka juu. Ukiona maneno kama "Charging this device via USB", simu imetambua kwamba iko kwenye kompyuta, kwa hiyo waya na tundu vinafanya kazi. Usipoona chochote kinachotaja USB, simu inadhani imechomekwa kwenye chaja ya ukutani. Shuku waya kwanza, halafu tundu.

Simu ya mwalimu haikutaja USB. Kijana akatoa waya mwingine kwenye droo, na mara hii kompyuta ikalia na jina la simu likatokea. Alipolifungua, akakuta folda tupu.

Huu ni ugonjwa wa pili, na dawa yake haihusiani na waya. Tangu Android 6.0 ilipotoka mwaka 2015, simu ikichomekwa huanza kwa kuchaji tu, ili kompyuta ya mtu baki isichote faili bila ruhusa ya mwenye simu. Lazima uguse ile arifa ya USB na kuchagua "File transfer". Kijana, kwa haraka, aligusa "PTP". Picha za mwalimu zikajaa kwenye kioo, ila mtihani haukuwamo, kwa sababu PTP ni njia ya kamera: huonyesha picha, si nyaraka. Alipobadilisha kuwa "File transfer", folda zote zikafunguka, na mtihani ukaonekana ndani ya "Download". Kwenye simu nyingi, ukichomoa waya chaguo hilo hufutika, hivyo utalirudia kila mara. Kwa iPhone, kitu cha kugusa ni "Trust", kisha unaweka namba ya siri.

Kama waya mzima nao haujasaidia, geukia matundu. Kwenye kompyuta ya mezani, hamia tundu la nyuma, maana yale ya mbele huunganishwa kwa waya wa ndani ambao huweza kulegea. Kama unatumia kigawanyio, kiweke kando. Kwenye simu, kichwa cha waya kinapaswa kuzama chote. Kikibaki kimechomoza au kikicheza, mara nyingi ni nyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa ndani. Zima simu, zichokoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano usiitumie, inaweza kukwangua vibati.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya na tundu kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Mtihani ulipokwisha kuchapwa, kijana aliuviringishia ule waya wa droo kipande cha utepe mwekundu karibu na kichwa. Fanya hivyo na wewe, na ule wa kuchajia uuache ukutani.