Bei ya Kusaga Ikishuka, Mashine Izimwe Lini?

Kwenye mitaa yenye mashine nyingi za kusaga mahindi, kama Manzese jijini Dar es Salaam, mwenye mashine hapangi bei. Akiongeza hata shilingi kumi kwa kilo, mteja anabeba gunia lake hadi mlango wa pili. Akipunguza, anajiumiza bure, maana kwa bei ya mtaa wateja anaoweza kuwahudumia wapo tayari. Wachumi huiita hali hii ushindani kamili: wauzaji wengi, huduma isiyotofautiana, na bei ambayo kila mmoja anaikuta sokoni. Kinachobaki mikononi mwake ni uamuzi wa kiasi: leo nisage tani ngapi? Jibu moja ambalo watu husahau kulipima ni sifuri.

Swali hilo linaweza kujibiwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe huanza na gharama. Tuchukue mashine moja ya mfano, kwa takwimu nilizozipanga ili zifuatike kwa urahisi. Herufi q ni tani zinazosagwa kwa siku, na C ni gharama yote ya siku kwa maelfu ya shilingi:

C = q³ − 12q² + 96q + 98

Namba ya mwisho, 98, haina q pembeni yake. Hiyo ni shilingi 98,000 za kila siku ambazo zipo hata mota isipozunguka: pango la banda, marejesho ya mkopo wa mashine, leseni. Hizi ni gharama zisizobadilika. Sehemu nyingine yote ni gharama zinazobadilika, zile zinazokwenda na kazi: umeme wa LUKU, nyundo na chekeche zinazochakaa, malipo ya vijana wanaolipwa kwa gunia.

Umbo lile la q³ linaweza kutisha, lakini lina habari ya kawaida ndani yake. Weka q = 1 kwenye sehemu inayobadilika, utapata 85. Weka 2, utapata 152. Kwa hiyo tani ya kwanza imegharimu elfu 85, na ya pili imeongeza elfu 67 tu. Ukiendelea hivyo, ya tatu inaongeza 55, ya nne 49, ya tano 49, ya sita 55, ya saba 67 na ya nane 85. Mwanzoni kila tani ni nafuu kuliko iliyotangulia, kwa sababu mota ikishawashwa na vijana wakishajipanga, kazi inatiririka. Baadaye inageuka: mota inapata joto, nyundo zinaisha haraka, magunia yanasongamana mlangoni, na kazi inaingia usiku kwa malipo ya ziada.

Hiyo gharama inayoongezwa na tani moja zaidi ndiyo gharama ya nyongeza, na ndiyo ufunguo wa kila kitu kinachofuata. Kwa kuwa mahindi husagwa kilo kwa kilo, hatuna sababu ya kuruka tani nzima nzima. Tunataka kujua gharama inapanda kwa kasi gani mahali popote tulipo. Kanuni ya kuipata ni fupi: kila kipeo kinashuka mbele kuzidisha, kisha kinapunguzwa moja. Basi q³ inakuwa 3q², 12q² inakuwa 24q, 96q inakuwa 96, na ile 98 inapotea kabisa:

Gharama ya nyongeza = 3q² − 24q + 96

Kupotea kwa 98 kunastahili kutazamwa vizuri. Pango la banda halibadiliki ukisaga kilo moja zaidi, kwa hiyo halina sauti katika kuamua kama kilo hiyo isagwe.

Sasa bei. Tuiite p, kwa maelfu ya shilingi kwa tani, ambayo ni sawa na shilingi kwa kilo. Maadamu kilo inayofuata inaleta pesa zaidi ya inazokula, inafaa kusagwa. Ikifika mahali inakula sawasawa na inacholeta, hapo simama. Kwa hiyo tunailinganisha bei na gharama ya nyongeza:

p = 3q² − 24q + 96

Tukiupindua mlinganyo huu ili q ikae peke yake, tunapata:

q = 4 + √((p − 48)/3)

Mwanafunzi makini atauliza kwa nini nimeweka alama ya kujumlisha tu, wakati mlinganyo wa kipeo cha pili una majibu mawili. Tulijaribu kwa bei ya shilingi 60. Majibu ni tani 2 na tani 6. Kwa tani 2 mapato ni elfu 120 na gharama zinazobadilika ni elfu 152, hivyo anapoteza elfu 32 juu ya zile 98 za kila siku. Kwa tani 6 mapato ni elfu 360 na gharama zinazobadilika ni elfu 360 kamili. Tani 2 ipo kwenye upande ambako gharama ya nyongeza bado inashuka, na kusimama hapo ni kuacha kazi wakati kilo zinazofuata ndizo zenye faida. Jibu la kuchukua ni lile la upande unaopanda. Hapa ndipo watahiniwa wengi huangukia: wanapata namba mbili, wanachagua ya kwanza, na kumbe wamechagua mahali ambapo hasara ni kubwa kuliko popote jirani yake.

Tumejua asage kiasi gani ikiwa anasaga. Bado hatujajua kama asage. Mashine ikizimwa, hasara ya siku ni elfu 98. Ikiwashwa, ile 98 bado ipo vilevile. Basi swali linapungua na kuwa hili: je, mapato ya leo yanalipa gharama zinazobadilika za leo? Gawanya gharama hizo kwa idadi ya tani, upate wastani wake:

Wastani = q² − 12q + 96

Kwa tani moja wastani huo ni 85, kwa mbili 76, kisha 69, 64, 61, unafika 60 kwenye tani ya sita, halafu unapanda tena kuwa 61 na 64. Chini kabisa ni 60. Bei ikiwa chini ya shilingi 60 kwa kilo, hakuna kiasi chochote, kidogo wala kikubwa, ambacho mapato yake yatalipa umeme na vibarua wake. Hapo ndipo mahali pa kufunga. Unaweza kuhakiki hesabu yako kwa njia moja ya uhakika: kwenye tani 6 gharama ya nyongeza nayo ni 108 − 144 + 96, yaani 60. Hizo mbili lazima zikutane pale wastani ulipo chini kabisa, kwa sababu nyongeza iliyo chini ya wastani huuvuta chini na iliyo juu huupandisha. Zisipokutana, umekosea mahali.

Kwa hiyo ugavi wa mashine hii katika muda mfupi ni huu: bei ikiwa chini ya 60, sifuri, bei ikizidi 60, ile kanuni ya 4 + √((p − 48)/3). Kwa 60 kamili, kufunga na kusaga tani 6 vinampa matokeo yaleyale. Kwa shilingi 75 anasaga tani 7, kwa 96 tani 8. Hakuna bei itakayomfanya asage tani 3. Kutoka sifuri anaruka hadi sita, na mchoro unaoonyesha mstari ukianzia kwenye sifuri na kupanda taratibu haumhusu.

Kati ya 60 na 75 ndipo penye jambo ambalo wafanyabiashara wengi huona halina mantiki. Bei ikiwa 75, tani 7 zinaleta elfu 525, na gharama yote ni 427 ukijumlisha 98, yaani 525. Hapati faida wala hasara. Chini ya hapo anapata hasara kila siku, na bado inampasa asage. Bei ikiwa 67, tani sita na nusu zinamletea shilingi 435,500. Gharama zinazobadilika ni 391,625. Zinabaki 43,875 za kupunguzia mzigo wa 98,000, na hasara yake ni 54,125. Akifunga mlango kwa hasira ya kupata hasara, hasara inakuwa 98,000. Bei ikishuka hadi 55 mambo yanageuka: tani tano na nusu zinaleta 302,500 na kula 331,375, hivyo kuwasha mashine kunamwongezea hasara ya shilingi 28,875 juu ya ile ya kukaa nyumbani.

Alfred Marshall, katika kitabu chake cha uchumi cha mwaka 1890, alitenganisha gharama za kazi yenyewe na zile za kudumu kwa hoja ya namna hii. Hesabu haina shida. Shida ni kuzipanga gharama kwenye mafungu yake. Mlinzi na fundi wa mashine wanaolipwa kwa siku, iwe imesagwa tani moja au saba, wanaonekana kama gharama zisizobadilika. Lakini ukifunga leo huwalipi. Tuseme katika ile elfu 98, takriban elfu 44 ni za namna hiyo. Basi kwa bei ya 67, zile 43,875 zilizobaki zinaishia kwa fundi na mlinzi, na mahali pa kufunga pamepanda kutoka 60 hadi karibu 67, ingawa C haijabadilika hata herufi moja. Kigezo cha kutumia ni kama gharama inaepukika kwa kufunga. Kubadilika kwake na idadi ya tani ni jambo jingine.

Kuna pia kazi ambazo kufunga kwenyewe kunagharimu. Tarehe 20 Aprili 2020, bei ya mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa kupokelewa mwezi Mei ilifungwa kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa, kwa kuwa matangi ya kuhifadhia yalikuwa yakijaa. Visima vingi viliendelea kutoa mafuta, maana kukizima kisima na kukifungua tena ni ghali na kunaweza kukiharibu. Mashine ya kusaga haina tatizo hilo. Swichi inatosha, na ndiyo maana kanuni yetu inaifaa vizuri.

Kanuni hiyo inadumu kwa muda ule tu ambao pango na mkopo haviepukiki. Mkataba wa banda ukiisha na mkopo ukimalizika, mashine ikawa inaweza kuuzwa, elfu 98 yote inahamia upande wa gharama zinazoepukika, zikiwemo pesa ambazo mashine ingemletea kama angeiuza. Bei ya kumfanya asaini mkataba mpya basi si 60 tena wala 67. Ni 75, na mwenye mashine aliyevumilia miezi kadhaa kwa shilingi 67 atakuwa sahihi kuvumilia na sahihi pia kuondoka siku hiyo.