Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, hesabu wateja wasiokujua

Mimi ni karani wa hesabu kwenye ofisi moja pale Posta, naishi Magomeni Mapipa. Mwaka jana mwezi wa nane nilianza kuuza mashuka mtandaoni, yale ya sita kwa sita na foronya zake nne. Mwezi wa kwanza zilitoka seti 23, kichwa kikavimba, nikaanza kuwaza barua ya kuacha kazi. Nashukuru nilikaa chini na daftari kwanza.

Mtaji wa kujaribu ulikuwa seti mbili tu, 42,000. Sikununua dazani. Jumamosi asubuhi nilipanda mwendokasi hadi Kariakoo, nikazunguka mpaka nikapata duka ambalo muuzaji alikubali nipige picha rangi zake zote. Seti moja niliitandika kitandani kwangu, nikapiga picha mchana dirisha likiwa wazi. Ya pili, nyekundu, niliifua mara tatu kwenye beseni. Ilichuja hadi maji yakawa kama juisi ya rozela, kwa hiyo nyekundu sikuiposti kabisa. Ukiruka hatua hii, mteja ndiye atakayekugundulia.

Nikaposti Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp, bei nimeiandika: 28,000. Mambo ya "bei njoo inboksi" yanakuletea wauliza bei, halafu unadhani una soko.

Mwanzoni nilikubali mteja alipe akipokea. Oda 14 za kwanza, wanne hawakupokea simu boda alipofika, na boda nikamlipa kwenda na kurudi. Nikabadilisha: unatanguliza 5,000, inayobaki unalipa mzigo ukifika. Maulizo yalipungua sana wiki hiyo, nikaumia, lakini waliobaki ndio walikuwa wanunuzi. "Nzuri jamani" na "nitakucheki" sizihesabu tena. Nahesabu aliyetuma hela. Ila ukipokea hela kabla ya kuwa na mzigo, mpigie mwenye duka kila asubuhi uhakikishe rangi ipo. Ikiwa imeisha, rudisha hela siku hiyo hiyo.

Sasa lile daftari. Zile seti 23 niliandika jina la kila mnunuzi. Kumi na tano walikuwa watu wangu: wa ofisini, binamu, wamama wa kikoba cha mama yangu. Wanne kati yao walichukua kwa "mwisho wa mwezi", na mmoja mpaka leo ananisalimia kwa mbali. Wasionijua walikuwa 8. Mwezi uliofuata niliuza seti 11, wageni wakiwa 9. Ndugu hanunui shuka kila mwezi jamani, keshakuunga mkono imetosha. Kwa hiyo soko langu la kweli lilikuwa seti 8 au 9, hizo nyingine zilikuwa upendo.

Kisha faida. Nauza 28,000, nanunua 21,000, zinabaki 7,000. Toa mfuko 500, makato ya kutoa hela 600, nauli na bando ukizigawanya kwa kila seti 1,400. Mkononi zinabaki 4,500. Boda analipwa na mteja.

Mshahara wangu kabla ya makato ni 600,000, na mwajiri ananiwekea NSSF asilimia 10, yaani 60,000. Wengi tunaisahau hii kwa sababu hatuioni mkononi. Kwa hiyo biashara inatakiwa ilete 660,000. Gawanya kwa 4,500: seti 147 kwa mwezi. Nilikuwa nauza 11!

Ndipo nikaanza kununua dazani, lakini za zile rangi tatu tu zilizokuwa zinatoka, kijivu ikiongoza. Kwa dazani seti inashuka hadi 18,500, na faida inapanda hadi 7,000. Sasa nahitaji seti 95. Hela ya dazani ya kwanza, 222,000, ilitoka kwenye faida na akiba kidogo. Kausha damu sikuigusa.

Desemba niliuza 61, nikawashwa tena. Januari zikawa 19. Desemba na kuelekea Idd kila mtu anabadilisha shuka, usipime kwa miezi hiyo. Na masika usiyasahau: Jangwani ikijaa maji barabara inafungwa, na kutoka Magomeni kwenda Kariakoo unazungukia Kigogo kwenye foleni.

Nimejiwekea kipimo: miezi mitatu ya kawaida mfululizo, seti 95 kila mwezi, wageni peke yao. Ikifika natoa notisi ya siku 28, ndiyo sheria inavyotaka kwa sisi tunaolipwa kwa mwezi. Mwezi uliopita wageni walinunua 44. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nipo kituoni Mapipa, naenda ofisini.