Mnyoo Aliyepotea Njia Unyayoni

Chukua kijana wa kilo 60 anayecheza mpira ufukweni Diani kila Jumapili, pekupeku. Mechi ikiisha, wachezaji hujilaza chini ya mivinje, juu kule ambako maji ya bahari hayafiki na mbwa wa mtaani hupenda kupumzika. Jumatatu unyayo unamwasha pembeni mwa kidole gumba. Kuna kipele kimoja chekundu, naye anadhani ameumwa na mbu. Kufikia Alhamisi kipele kimeota mkia: mstari mwekundu ulioinuka kidogo, mwembamba kama uzi mnene, unaopinda kulia, kisha kushoto, kisha kurudi karibu na ulikotoka. Usiku unawasha kiasi cha kumnyima usingizi. Duka la dawa la kwanza linampa krimu ya fangasi. Anaipaka kwa siku kadhaa, na mstari unazidi kurefuka.

Huo mstari ni njia ya mnyoo, na mnyoo mwenyewe si wa binadamu. Ni safura ya mbwa na paka, ndugu wa safura tunayoifahamu sisi, ile inayonyonya damu tumboni na kumwacha mtoto amepauka. Mbwa au paka mwenye minyoo hiyo hunya mchangani, na kinyesi chake huwa na mayai yasiyoonekana kwa macho. Mchanga ukiwa na joto, unyevu na kivuli, mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya wiki moja hivi lava wanaotoka humo huwa tayari kutoboa ngozi. Hapo hukaa wakisubiri, na hali ikiwa nzuri wanaweza kuishi wiki tatu hadi nne. Kinyesi chenyewe huenda kilishafukiwa au kusambaratika zamani, kwa hiyo mchanga unaoonekana safi haumwambii mtu lolote.

Lava akimpata mbwa, hutoboa ngozi, huingia kwenye damu, hupitia mapafuni na hatimaye hufika utumbo mdogo, anakokomaa na kutaga mayai. Akimpata binadamu, anaweza kutoboa tabaka la juu la ngozi tu. Chini ya tabaka hilo kuna utando mgumu, na lava huyu hana kimeng'enya cha kutosha kuuyeyusha kwa ngozi yetu. Basi anakwama kati ya juu na chini, hawezi kushuka wala kukomaa. Kazi pekee inayombakia ni kutembea huku na huku, milimita chache hadi sentimita moja au mbili kwa siku, akitafuta mlango usiokuwapo. Mwili wetu hukasirishwa na kile anachokiacha nyuma, na ghadhabu hiyo ndiyo wekundu na mwasho tunaouona.

Neno "nyuma" hapo lina uzito wake. Mstari mwekundu ni mahali alipopita. Yeye mwenyewe ametangulia, mara nyingi sentimita moja hivi au mbili mbele ya ncha ya mstari, kwenye ngozi inayoonekana haina tatizo lolote. Ndiyo maana wanaochokonoa kwa sindano, kama watoavyo funza, huambulia kidonda. Funza, au tekenya kama wengine wanavyomwita, ni kiroboto aliyejichimbia mahali pamoja na unaweza kumwona. Huyu wetu hana anwani. Wapo wanaochoma ncha ya mstari kwa njiti ya moto au kumwagia mafuta ya taa. Hata madaktari wa zamani waliwahi kuigandisha ncha hiyo kwa baridi kali, wakaishia kuunguza ngozi huku lava akiendelea na safari. Kukata kipande cha ngozi ili kipimwe maabara nako hakusaidii sana, kwa sababu hiyo hiyo.

Daktari anayeujua ugonjwa huu huutambua kwa macho na kwa swali moja: ulikanyaga au kukalia mchanga wapi? Mgonjwa mwenye shaka anaweza kujipima nyumbani. Chora kwa kalamu ya wino alama ndogo penye ncha ya mstari jioni, kisha angalia kesho yake na keshokutwa. Ukivuka alama hiyo, kuna kitu kinachotembea. Fangasi hutanuka pole pole kwa duara lenye ukingo wa magamba. Upele wa kuumwa na kiwavi wa baharini hausogei. Na mstari unaokimbia sentimita kadhaa kwa saa, hasa kiunoni na matakoni, ni mnyoo mwingine anayehitaji matibabu mengine, kwa hiyo huyo apelekwe hospitali.

Kwa vile hatujui lava yupo wapi hasa, dawa bora ni ile inayosambaa mwilini mwote na kumfuata popote. Ya kwanza ni ivermektini, mara moja tu, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kijana wetu wa kilo 60 hesabu inatoa miligramu 12, yaani vidonge vinne vya miligramu 3, kwa siku moja. Wapo walioimeza dawa hii bila kujua jina lake, maana katika baadhi ya maeneo imetolewa pamoja na albendazo katika kampeni za kutokomeza matende na mabusha. Haipewi watoto walio chini ya kilo 15 wala wajawazito, na aliyeishi kwenye misitu ya Afrika ya Kati yenye minyoo ya loa, ile inayopita jichoni, amwambie daktari kwanza, kwani kwake inaweza kuleta madhara makubwa ya ubongo.

Ya pili ni albendazo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kidonge kimoja cha miligramu 400 ndicho tunachokijua cha kutoa minyoo ya tumbo, kwa hiyo mtu hununua hicho kimoja, anameza, na mwasho unapungua siku mbili kisha unarudi. Kwa lava wa ngozi, miligramu 400 humezwa kila siku kwa siku tatu au zaidi, hata saba mistari ikiwa mingi. Mjamzito asiimeze bila daktari, hasa miezi mitatu ya mwanzo.

Mwasho hupungua ndani ya siku mbili tatu. Mstari hauondoki siku hiyo hiyo: hukauka, huwa wa kahawia na kubanduka kwa wiki moja au mbili, na mtu asiongeze dawa kwa sababu anauona tu. Ncha ikiendelea kusogea, hapo ndipo kipimo kinarudiwa. Bila dawa yoyote lava hufa mwenyewe baada ya wiki au miezi, lakini kukuna usiku kucha hufungua mlango wa bakteria. Ngozi ikiwa ya moto, imevimba na kutoa usaha, antibiotiki nayo itahitajika.

Kwenye ufuo, hatari kubwa ipo kwenye mchanga mkavu wa juu, chini ya miti na pembeni mwa vibanda. Mchanga unaooshwa na maji kila siku hauwahifadhi lava. Timu ya kijana wetu ingeweza kucheza pale pale chini karibu na maji, ikavaa kandambili wakati wa kupanda juu, na kutandika mkeka mnene badala ya taulo, kwa sababu lava hutoboa kitambaa chembamba chenye unyevu. Wenye mbwa na paka nyumbani wana kazi nyingine: kuwapa dawa ya minyoo mara kwa mara na kuokota kinyesi kabla mayai hayajaanguliwa, maana ndani ya siku moja au mbili tayari wameshachelewa.