Flask Ilifungwa, Werkzeug Ikaachwa Wazi

Jumamosi ya tarehe 30 Septemba 2023, wasimamizi wa Werkzeug walitoa toleo la 3.0.0. Werkzeug ni maktaba ya Python: msimbo uliokwisha andikwa, ambao watengenezaji wengine huutumia ili wasianze upya kazi ya kupokea na kujibu maombi ya kivinjari. Wengi wanaoitegemea hawajawahi kuitaja popote. Wao hutumia Flask, kiunzi maarufu cha kujengea tovuti, na Flask ndiyo inayoivuta Werkzeug nyuma yake. Baada ya siku hiyo, programu zilizokuwa nzima zilianza kugoma kuwaka kwenye seva mpya, zikitoa ujumbe huu:

```
ImportError: cannot import name 'url_quote' from 'werkzeug.urls'
```

Kilichowachanganya watu ni kwamba msimbo wao haukuwa umeguswa hata mstari mmoja. Tena baadhi yao walikuwa wamejihadhari mapema kwa kutaja toleo kamili la Flask wanalolitaka.

Tuchukue mfano wa watu wawili wanaotengeneza mfumo wa kupokea oda za duka. Faili lao la `requirements.txt`, ambalo pip hulisoma ili kujua cha kusakinisha, lina mstari mmoja tu:

```
Flask==2.2.2
```

Alama mbili za usawa zina maana ya toleo hilo hilo, si jingine. Lakini Flask nayo ina mahitaji yake, na toleo hilo la 2.2.2 linadai `Werkzeug>=2.2.2`, yaani 2.2.2 au lolote lililofuata, bila kikomo cha juu. Mwanzoni mwa Septemba 2023 mmoja wao alisakinisha kwenye laptopu yake. Pip ikatafuta toleo jipya zaidi linalokubalika, ikaleta Werkzeug 2.3.7. Mwezi Oktoba wakaandaa seva mpya kwa faili lile lile, pip ikafuata kanuni ile ile, ikaleta 3.0.0. Kitendaji cha `url_quote` kilikuwa kimetangazwa katika 2.3 kwamba kitaondolewa, na katika 3.0 kikaondolewa kweli. Flask 2.2.2 bado inakiita kila inapowaka.

Wa laptopu atarudia `pip install -r requirements.txt`, ataona mambo shwari, na atamwambia mwenzake, "Kwangu inafanya kazi." Hasemi uongo. Pip inapokuta Werkzeug 2.3.7 tayari ipo na inatimiza sharti, huiacha ilivyo. Njia ya kuufichua ugonjwa ni kuendesha `pip freeze` kwenye mashine zote mbili na kulinganisha orodha, au kufungua mazingira mapya ya Python kwenye laptopu hiyo hiyo na kusakinisha tangu mwanzo. Hapo kosa la seva litatokea na nyumbani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Flask haikuweka kikomo cha juu tangu awali. Sababu ni kwamba mazingira mamoja ya Python hubeba toleo moja tu la kila maktaba. Maktaba mbili zinazotegemea Werkzeug, kila moja ikiwa imeng'ang'ania toleo lake, haziwezi kukaa pamoja. Kwa hiyo waandishi wa maktaba huacha nafasi makusudi. Anayepaswa kubana ni mwenye programu ya mwisho, ile inayokwenda kwenye seva, maana yeye peke yake ndiye anayeuona mkusanyiko mzima.

Kazi hiyo hufanywa na faili la kufuli. Orodha unayompa mtu aendaye dukani na risiti anayorudi nayo ni vitu viwili, na faili la kufuli ni risiti: linaandika kilicholetwa hasa, pamoja na vile ambavyo hukuviagiza kwa jina. Kwa watumiaji wa pip, zana ya pip-tools inatenganisha mambo hayo mawili. Unaandika `Flask==2.2.2` ndani ya `requirements.in`, kisha unaendesha `pip-compile`. Mwanzoni mwa Septemba 2023, faili la `requirements.txt` lingetoka na mistari hii:

```
click==8.1.7
flask==2.2.2
itsdangerous==2.1.2
jinja2==3.1.2
markupsafe==2.1.3
werkzeug==2.3.7
```

Uliomba kimoja, vikaja sita. Chini ya kila kimoja pip-compile huandika pia nani aliyekivuta. Mafaili yote mawili yanahifadhiwa kwenye Git pamoja na msimbo, na seva husakinisha kutoka kwenye hili la pili. Hata Werkzeug ikifika toleo la kumi, seva hii itapata 2.3.7.

Ukiongeza `--generate-hashes`, kila mstari hupata pia alama za sha256, ambazo hukokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya kifurushi. Pip huikokotoa alama upya baada ya kupakua. Baiti moja ikitofautiana, inakataa kusakinisha. Inakataa pia kifurushi chochote ambacho hakimo kwenye orodha.

Ukali huo ndio unaofichua mpaka wa kwanza wa kufuli. Pip-compile hutatua mahitaji kwa ajili ya mashine inayoendeshwa juu yake. Maktaba ya click inahitaji colorama, lakini kwenye Windows tu. Kufuli likitengenezwa kwenye Linux, colorama haitaandikwa, na mwenye laptopu ya Windows atakataliwa na pip. Zana kama uv hukwepa tatizo hili kwa kuandika `uv.lock` moja inayobeba masharti ya mifumo yote. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya mafaili haya inayofunga maktaba za mfumo wa uendeshaji zilizo chini ya Python. Anayetaka kufunga na hizo huhitaji njia nyingine, kama vile taswira ya kontena.

Mpaka wa pili ni umri. Mwishoni mwa 2023 iligunduliwa dosari katika namna Werkzeug inavyosoma mafaili yanayopandishwa na watumiaji: mtu mwenye nia mbaya angeweza kuielemea seva kwa ombi lililotungwa kwa hila. Marekebisho yalitoka katika 3.0.1 na, kwa waliobaki nyuma, katika 2.3.8. Kufuli letu lililotuokoa na 3.0.0 lingetubakiza kwenye 2.3.7 yenye tundu, kwa uaminifu ule ule. Kuendesha `pip-compile --upgrade` kiholela kungetuletea tawi la 3 na kosa letu la zamani. Kinachofaa ni kuongeza `werkzeug<3` kwenye `requirements.in`, kisha kuamuru:

```
pip-compile --upgrade-package werkzeug
```

Mabadiliko ya toleo yatakayoonekana kwenye Git ni kutoka 2.3.7 kwenda 2.3.8, na mengine yote yamebaki palepale. Wenzako wanaweza kuusoma mstari huo, majaribio yakaendeshwa juu yake, na ukileta matata, ukarudishwa peke yake. Kikomo cha `<3` chenyewe ni cha muda: kitaondoka siku timu itakapohamia Flask 3.0, iliyotolewa siku moja na Werkzeug 3.0.0 na isiyomwita tena `url_quote`.