Folda ya ofisi inafunguka taratibu? Usikimbilie kuongeza kifurushi cha intaneti

Unabonyeza folda ya pamoja ya ofisi, kiduara kinazunguka, unaenda kuchota maji, unarudi na bado kinazunguka. Cha ajabu, ukifungua video kwenye kompyuta hiyohiyo inacheza bila kukwama.

Hapo wengi hutoa jibu moja tu: "Bosi, tuongeze spidi." Bosi anaongeza, mwezi unaisha, na folda bado inajikokota.

Mara nyingi tatizo haliko kwenye intaneti. Liko kwenye namna kompyuta yako na seva zinavyoongea.

Lugha ya kompyuta na seva

Folda za pamoja kwenye Windows hutumia utaratibu unaoitwa SMB, na una matoleo. Toleo la kwanza, SMB1, ni la miaka ya 1980. SMB2 lilikuja na Windows Vista, SMB 2.1 likaja na Windows 7 mwaka 2009, na SMB3 likaja na Windows 8 mwaka 2012.

Kila unapounganisha folda, pande mbili zinakubaliana kwanza zitumie toleo gani. Kama moja imezuiwa kupanda juu, zote zinashuka.

Tofauti iko kwenye kuuliza na kujibiwa. Kwa SMB1, kompyuta kwa kawaida huomba kipande kidogo cha faili, kama kilobaiti 60, inasubiri kijibiwe, ndipo inaomba kingine. Kuanzia SMB 2.1, kipande kimoja kinaweza kufika megabaiti 1, tena maombi kadhaa hutumwa bila kungoja la kwanza lijibiwe.

Ni kama kuhamisha gunia la mchele kwa kikombe au kwa ndoo. Upana wa barabara hausaidii kitu kama wewe unabeba kikombe.

Mfano wa Kibaha na Kurui

Chukua ofisi yenye seva Kibaha na tawi dogo Kurui, wilayani Kisarawe. Tawi linaingia kwenye seva kupitia intaneti ya simu na VPN. Swali likitoka Kurui, jibu linarudi baada ya milisekunde 60. Spidi ya kifurushi ni megabiti 10 kwa sekunde.

Mhasibu wa Kurui anafungua faili la megabaiti 20. Kwa spidi hiyo, faili lenyewe linahitaji sekunde 16 kusafiri.

Kwa SMB1, vipande vya kilobaiti 60 vitakuwa kama 333. Kila kimoja kinangojewa milisekunde 60, kwa hiyo kusubiri peke yake ni sekunde 20. Jumla ni kama sekunde 36.

Sasa bosi analipia spidi mara mbili, megabiti 20. Muda wa kusafiri unashuka hadi sekunde 8, lakini zile 20 za kusubiri zimebaki palepale. Jumla inakuwa 28. Amelipa mara mbili, ameokoa sekunde 8.

Angebaki na kifurushi cha zamani akabadilisha toleo tu, vipande vingekuwa 20 na kusubiri kusingezidi sekunde 1.2. Jumla kama 17, bila kuongeza hata shilingi.

Kwa nini ofisi bado ina SMB1?

Mara nyingi anayeponza ni mashine ya fotokopi. Mashine ya zamani inayoskani na kutuma kwenye folda huenda inajua SMB1 tu. Fundi anaitwa, anataka iskani leo, anaingia kwenye seva ya Linux yenye Samba na kuandika hivi:

```
server min protocol = NT1
server max protocol = NT1
```

NT1 ndiyo SMB1. Mstari wa kwanza unamruhusu mzee aingie. Wa pili ndio kosa: unawazuia vijana wote wasiongee lugha mpya. Windows za karibuni zikigoma kuunganisha, fundi anapita kila kompyuta akiwasha SMB1. Skana imepona, ofisi nzima imekuwa mgonjwa.

Jinsi ya kujua

Fungua folda ya pamoja, iache wazi. Kisha fungua PowerShell kama msimamizi na uandike:

```
Get-SmbConnection
```

Angalia safu ya Dialect. Ukiona namba inayoanza na 3, toleo siyo tatizo lako. Ikianza na 1, umempata mwizi.

Halafu tumia `ping` ukifuatiwa na anwani ya seva. Ndani ya jengo moja kwa waya, jibu hurudi chini ya milisekunde 1 au karibu na hapo. Ukiona makumi ya milisekunde, kila swali la ziada linakuumiza.

Kipimo cha mwisho: nakili faili moja kubwa kutoka kwenye folda. Likisafiri kwa spidi sawa na ile unayolipia, basi kweli mtandao wenyewe umejaa, na hapo kuongeza kifurushi kuna maana. Likiwa chini sana, usilipe bado.

Kurekebisha

Kwenye seva, nakili kwanza faili la `smb.conf` pembeni. Futa mstari wa `server max protocol`, na ule wa chini uwe hivi:

```
server min protocol = SMB2_02
```

Andika `testparm` kuona kama kuna kosa, kisha washa upya huduma ya Samba watu wakiwa wametoka. Makubaliano ya toleo hufanyika wakati wa kuunganisha, kwa hiyo kila kompyuta inabidi ijiunge upya. Kuizima na kuiwasha inatosha.

Ukiwa ndani ya faili hilo, tafuta pia mstari huu:

```
oplocks = no
```

Unaizuia kompyuta isiweke nakala ya muda ya faili ulilofungua, hivyo kila kitu kinafuatwa tena Kibaha. Kwa folda ya barua na ripoti, uondoe. Ila kama kuna programu ya zamani ya uhasibu inayoandikwa na watu kadhaa kwa pamoja, huenda uliwekwa makusudi ili data isiharibike. Ipe programu hiyo folda yake yenye mstari huo, nyingine ziwe huru.

Kwenye kompyuta za Windows, ingia "Turn Windows features on or off" na uondoe tiki kwenye "SMB 1.0/CIFS File Sharing Support".

Skana je? Angalia kama inaweza kutuma kwa barua pepe, au kama mtengenezaji ana programu mpya ya mashine hiyo. Kuchelewesha ofisi nzima kwa ajili ya mashine moja ni hasara.

Siyo spidi tu

Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta duniani kote na kudai malipo. Kilipenya kwa tundu lililokuwa kwenye SMB1 ya Windows. Mwaka huohuo Microsoft ilianza kutoa Windows 10 mpya bila SMB1, na Samba nayo ikaizima kwa chaguo-msingi mwaka 2019. Fundi anapoiwasha kompyuta moja baada ya nyingine, anarudisha mlango uliokwisha kufungwa.

Usitegemee muujiza pia. Folda yenye mamia ya mafaili madogo itaendelea kuchelewa kidogo kutoka Kurui, kwa sababu kila faili lina safari zake za kufunguliwa na kufungwa. Kwa kazi hiyo, yaweke kwenye faili moja la zipu, ulinakili, ufanyie kazi hukohuko tawini.