Siku ya mwisho ya staji: unasema nini wanapokuuliza «Umetuonaje?»

Wandugu, wengi wetu tulipita staji mbili au tatu mbele ya kumaliza lisansi. Tunajua kuandika raporo na kuitetea mbele ya wapima. Lakini iko kitu kimoja hakuna profesa aliyetufundisha: ile nusu saa ya mwisho, wanapokuita biro, wanafunga mlango, na wanakuuliza wewe stajieri unavyoona kazi yao.

Mara ya kwanza nilijibu: «Yote iko sawa, nashukuru sana.» Ikachukua dakika nne, pamoja na Fanta. Mara ya pili ilikuwa katika shirika moja la mbegu upande wa Kabare, katika Kivu ya Kusini, ambalo nitaacha bila jina. Nilikaa pale miezi mitatu ya msimu A, kuanzia mwanzo wa Septemba. Ile mara nilikuwa na kitu cha kusema, na nilikuwa karibu kukisema vibaya.

Kwanza mujue nani anakaa ndani. Kwangu walikuwa wawili: Madamu aliyetusimamia, enjenieri wa shamba, na papa mmoja anayeshughulika na wafanyakazi. Maswali yao ni karibu yaleyale kila mahali. Ulijifunza nini? Nini ilikusumbua? Ungebadilisha nini? Uhusiano wako na msimamizi ulikuwa namna gani? Hili la mwisho ni gumu juu msimamizi mwenyewe anakutazama, na karatasi yako ya alama iko mbele yake, haijatiwa sahihi bado.

Tusijidanganye juu ya ile karatasi. Alama za staji zinaingia kwenye fakiltee, na mwenye kuziandika ni yule unayetaka kumwambia kasoro. Kwa hiyo siku mbili mbele nilimwendea yule papa, nikamuuliza kwa heshima: «Papa, karatasi ya alama inafungwa mbele ya mazungumzo ao nyuma?» Akacheka kidogo, akasema kwa kawaida ni nyuma, lakini hakuna kinachokataza iwe mbele. Asubuhi ya ile siku bahasha ilikuwa imeshafungwa na kupigwa muhuri. Mahali pengine watakataa. Hapo ni kupima mwenyewe kipi unaweza kusema leo, na kipi utaandika baadaye katika raporo. Lakini kuuliza si dhambi.

Sasa jambo lenyewe. Mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kupima kuota kwa mbegu za maharagi. Wenzangu wa agronomia wanajua, lakini niwaelezee wengine. Unachukua mbegu 100 bila kuchagua, kutoka juu, katikati na chini ya mfuko. Unazigawanya mara nne, 25 kila fungu, unazilaza ndani ya kitambaa chenye maji, unakiweka mahali penye kivuli na unakilowesha kila siku. Siku ya 8 unafungua na kuhesabu zilizotoa mzizi na chipukizi nzima. Sisi tulitafuta zisipungue 80.

Mifuko ilifika depo mwanzo wa Septemba. Nilitumwa kupima siku ya kwanza ya juma la tatu. Siku ya nne mbegu ziligawiwa kwa wakulima, kilo 10 kwa kila jamaa. Juma lililofuata nilifungua vitambaa: 16, 14, 15, 16. Jumla 61.

Mwisho wa staji nilikaa na kaye yangu kutayarisha nitakachosema, na sentensi ya kwanza niliyoandika ilikuwa hii: «Watu wa depo ni wazembe, wanaweka mifuko chini kwenye sima na mbegu zinaharibika.» Nilikuwa na hasira, juu nilipita kwenye mashamba mwezi wa kumi nikaona mistari yenye mapengo.

Kesho yake nilisoma tena, nikajiuliza kile ambacho mupima yeyote wa memwari angeuliza: nini uliona, nini unadhani? Niliona mifuko kwenye sima, imegusa ukuta wenye unyevu. Niliona 61. Sikuona kwamba kimoja kilileta kingine. Ni kweli kuna fungu lingine lililowekwa juu ya mbao na kutoa 88, lakini lilitoka kwa muuzaji mwingine. Pengine mbegu zetu zilifika zimechoka tayari, pengine ni za mavuno ya zamani. Tena mwenye depo ni baba wa watu, hakuwa ndani ya ile biro kujitetea. Kumshtaki pale kungekuwa kumuuza mtu kwa jambo ambalo sikulipima.

Nikafuta. Nikabaki na kile kisichobishaniwa: tarehe. Kipimo kinaomba siku 8. Tulikianza siku tatu mbele ya kugawa. Hata kama mbegu zingekuwa nzuri kama dhahabu, hatungejua kwa wakati. Hapo kasoro si ya mtu, ni ya mpangilio, na aliye mbele yangu ndiye mwenye kupanga. Kwangu hiki ndicho kipimo cha neno lenye kujenga: yule unayemwambia awe na uwezo wa kulibadilisha. Ukimwambia msimamizi wa shamba kwamba barabara ni mbaya, umemlilia tu.

Basi nilisema hivi, karibu neno kwa neno: «Madamu, mbegu ziliingia depo mwanzo wa Septemba. Kipimo kilianza juma la tatu, na siku ya nne ya lile juma tukagawa. Matokeo yalipotoka, 61 kwa 100, mbegu zilikuwa kwa wakulima. Naona kama kipimo kingeanza siku ileile mifuko inaingia, tungekuwa na jibu juma moja mbele ya kugawa. Inaomba kitambaa, sahani, maji, na mtu wa kuhesabu.»

Nikaongeza hesabu ndogo, juu nilitaka aone matokeo yake bila mimi kutumia maneno makali. Ukitaka mimea sawasawa na ya mbegu zinazoota 80, na wewe uko na za 61, unagawanya 80 kwa 61: inakaribia 1,3. Maana yake jamaa aliyepewa kilo 10 alihitaji kilo 13, ao apande sehemu ndogo zaidi na kuzidisha mbegu kwa kila shimo. Hakuna aliyemwambia.

Madamu alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo sikulitayarisha: «Mutoto yangu, hii 61 uliijua tangu siku gani?»

Nilijua tangu siku ya pili ya lile juma lililofuata kugawa. Niliiandika ndani ya kaye, nikafunga. Niliipeleka biro kisha siku kumi, pamoja na takwimu zingine. Na katika zile siku kumi, wakulima wengi walikuwa bado hawajapanda, walikuwa wanangojea mvua ikomae. Simu moja kwa monitere wa kila kijiji ingetosha: wazidishieni mbegu kwenye shimo.

Wandugu, pale moto ulinipanda usoni. Nilikuja kuonyesha kasoro yao, na nusu ya kasoro ilikuwa yangu. Kuna njia mbili mtu anaweza kupita pale. Ya kwanza ni kujitetea: mimi ni stajieri tu, hamukuniambia. Ya pili ni kukubali na kueleza kwa nini ilitokea, bila kujipiga kifua. Nilisema: «Ni kweli, Madamu, nilichelewa siku kumi. Niliogopa nimehesabu vibaya, na sikujua ninapaswa kumwambia nani. Mkutano wa kila siku ya kwanza sisi wastajieri hatuingie.»

Ile sentensi ya mwisho ndiyo ilifungua mazungumzo. Yule papa, aliyekuwa anaandika tu, aliinua kichwa: «Hamuingie? Nani aliwakataza?» Hakuna aliyetukataza. Hakuna aliyetualika vilevile. Ilikuwa desturi tu. Mimi nilitaka kuweka jambo hilo mbali kabisa, katika orodha ya malalamiko madogo pamoja na chakula na transpoti. Kumbe lilikuwa sehemu ya jambo moja: kipimo kinachelewa, na hata kikitoka, mwenye kukishika hana mlango wa kupitia.

Ndiyo maana naona ni vizuri kuingia na mambo mawili tu, yenye kushikana, kuliko tisa. Kwenye kaye yangu nilikuwa na tisa! Mengine niliacha kwa makusudi. Kuna mfanya kazi wa kutwa aliyenisimulia kwamba malipo yanakawia. Sikulitaja, juu aliniambia kama rafiki, na kwa vile tulikuwa watu wachache shambani wangejua mara moja ni nani. Ningelisema tu kama yeye mwenyewe angeniomba. Na ikiwa umeona wizi, ao mtu anasumbua wasichana wa staji, usingojee siku ya mwisho, na usilipeleke mbele ya mtu yuleyule anayehusika. Lile linapelekwa mapema, kwa mkubwa wake ao kwa fakiltee, kwa maandishi.

Juu ya swali la uhusiano na msimamizi, nilisema jambo moja jema na la kweli: alinifundisha kusoma udongo kwa kuufinyanga mkononi, kitu nilichokuwa nimekisoma darasani tu bila kukielewa. Kisha nikaomba moja: angekuja kwenye vipimo mara moja kwa juma, hata dakika kumi, ningekuwa na mtu wa kumuuliza kama nimehesabu sawa. Sikuanza na sifa ili kupaka asali. Aliuliza mambo mawili, nikajibu mawili.

Mwishoni Madamu alinipa karatasi nyeupe: «Andika vile kipimo kinafanyika, kwa maneno ambayo mutu wa depo atasikia.» Nikakaa kwenye kiti kilekile, nikaandika mistari saba, ya kwanza ikiwa: tarehe mfuko unaingia, kipimo kinaanza. Aliisoma, akafuta neno moja la kifaransa nililolitia kwa kujionyesha, akaiita mwenye depo. Yule papa akaisoma kwa sauti, akauliza tu kama kitambaa cha mfuko wa unga kinafaa. Nikamwambia kinafaa, akichemshe kwanza.

Juu ya mkutano wa siku ya kwanza, yule papa aliandika katika daftari lake na kuniambia stajieri atakayefuata ataalikwa. Juu ya transpoti, ambayo ilinitoka mdomoni nikiwa nasimama, alisema bajeti imekwisha fungwa, nisingojee kitu. Nilichukua bahasha yangu, nikateremka kutafuta moto ya kunirudisha Bukavu, kwa franka zangu.